Mkopo, hiari ya kununua na kipengele cha kumrejesha: nani anashika uamuzi juu ya mchezaji kijana?

Katika vibanda vya mpira vya Majengo na Kongowea, habari ya mchezaji kupelekwa kwa mkopo hupokewa kwa namna mbili. Akiwa na umri mkubwa, watu husema klabu imemchoka. Akiwa kijana, husema hajafikia kiwango, na kwamba waliomnunua walitupa pesa baharini. Dhana zote mbili huacha nje jambo ambalo viongozi wa klabu hulijadili kwa saa nyingi kabla ya kutia saini, nalo ni hili: ikifika tarehe fulani, nani atakuwa na haki ya kuamua mchezaji huyu acheze wapi, na kwa bei gani? Mkopo wenyewe ni jambo jepesi kulieleza. Uzito wake umo katika vipengele viwili ambavyo mashabiki huvisikia vikitajwa harakaharaka redioni, yaani hiari ya kununua na kipengele cha kumrejesha mchezaji kwa klabu yake kabla mkopo haujaisha. Vipengele hivi huvutana, na mvutano huo ndio unaoeleza kwa nini mkopo wa kijana mmoja hufaulu na wa mwenziwe huharibika.

Tuanze na msingi. Mchezaji anapokwenda kwa mkopo, mkataba wake na klabu mama, yaani klabu inayomtoa, haufi, bali majukumu yake husimamishwa kwa muda, naye hutia saini mkataba mwingine na klabu inayompokea. Kanuni za FIFA zilizoanza kutumika Julai 2022 zinataka mapatano hayo yawe ya maandishi, yasizidi mwaka mmoja kwa kila mkopo ingawa yanaweza kurefushwa, na zinakataza klabu iliyompokea mchezaji kwa mkopo kumkopesha kwa klabu ya tatu. Mshahara hugawanywa kama klabu mbili zitakavyokubaliana, na mara nyingi klabu inayopokea hulipa pia ada ya mkopo. Mchezaji lazima akubali. Hakuna klabu inayoweza kumpakia kijana kwenye ndege kama mzigo wa bandarini bila saini yake, ingawa shinikizo la kumfanya atie saini hiyo ni hadithi nyingine.

Klabu mama, tukumbuke, si lazima iwe ile iliyomlea. Divock Origi, ambaye Wakenya walimfuatilia kwa karibu kwa sababu ya babake Mike Okoth, alinunuliwa na Liverpool kutoka Lille mwaka 2014 kwa takriban pauni milioni 10, kisha akaachwa palepale Lille kwa mkopo wa msimu mzima. Kimwili hakuhama. Kilichohama ni haki juu yake, na Liverpool ilifanya hivyo ili kufunga bei mapema kabla kijana wa miaka 19 hajapanda thamani zaidi, huku akiendelea kucheza katika timu aliyoizoea.

Mfano unaofaa kuchunguzwa kwa undani ni wa Andrey Santos, kiungo kutoka Brazil. Chelsea ilimnunua kutoka Vasco da Gama Januari 2023, akiwa na miaka 18. Kibali cha kufanya kazi Uingereza hakikupatikana mara moja, kwa hiyo alirudishwa Vasco kwa mkopo. Agosti ya mwaka huohuo, akiwa amefikisha miaka 19, alipelekwa Nottingham Forest kwa mkopo wa msimu mzima. Kwa karatasi, uamuzi ulikuwa mzuri: ligi ileile, lugha ileile atakayohitaji baadaye, na timu ya kiwango cha kati ambayo kijana angeweza kupata nafasi. Lakini katika siku za mwisho za dirisha lilelile la usajili Forest iliwasajili viungo wengine wawili, Ibrahim Sangaré na Nicolás Domínguez. Kufikia mwisho wa mwaka Santos alikuwa amecheza mechi mbili tu za mashindano, na kocha Steve Cooper, aliyekuwapo wakati anapokewa, alikuwa ameshafutwa kazi mwezi Desemba.

Hapo ndipo kipengele cha kumrejesha kilipofanya kazi yake. Mapema Januari 2024 Chelsea ilimwita nyumbani, na kabla ya dirisha kufungwa ikampeleka Strasbourg ya Ufaransa, klabu yenye wamiliki walewale. Huko alicheza. Alibaki kwa mkopo mwingine msimu wa 2024/25, akafunga mabao 10 ya ligi akiwa kiungo, na Strasbourg ikamaliza nafasi ya saba. Bila haki ya kumrejesha, Chelsea ingetazama thamani ya mchezaji wake ikiyeyuka kwenye benchi la watu wengine hadi Mei, na kijana angepoteza mwaka mzima katika umri ambao mwaka mmoja ni mwingi.

Ndani ya kisa hicho kuna kanuni ambayo watazamaji wengi hawaijui, nayo ndiyo huamua kama kumrejesha mchezaji kutakuwa na faida yoyote. FIFA humruhusu mchezaji kusajiliwa na klabu tatu katika msimu mmoja, lakini kucheza mechi rasmi kwa klabu mbili tu, isipokuwa pale misimu ya nchi mbili inapopishana kwenye kalenda. Hesabu ya Santos kwa msimu wa 2023/24 ilikuwa imejaa pomoni: alisajiliwa Chelsea, Forest na Strasbourg, akacheza rasmi Forest na Strasbourg. Michezo ya maandalizi aliyoichezea Chelsea katika kiangazi haihesabiwi. Sasa tudhani kwamba kocha wa Chelsea angemwingiza uwanjani kwa dakika tano tu katika mechi moja ya kombe mwezi Agosti, kabla hajaenda Forest. Hizo dakika tano zingefunga mlango wa Strasbourg. Januari angekuwa na chaguo mbili tu, kubaki Forest au kurudi kukaa Chelsea. Kwa hiyo ukimwona kijana mwenye kipaji anakaa jukwaani mwezi Agosti huku timu yake inashinda kwa mabao manne, usikimbilie kumlaumu kocha. Huenda ofisi ya usajili imeshamwambia kwamba kijana huyo asiguswe mpaka mkopo wake ukamilike.

Kipengele cha kumrejesha kina mipaka mingine inayotokana na tarehe. Kwa kawaida hutumika ndani ya dirisha la usajili pekee, kwa sababu mchezaji aliyerudi lazima asajiliwe upya ndipo aruhusiwe kucheza. Sentensi yenyewe katika mkataba huwa fupi, kwa mfano: "Klabu mama inaweza kusitisha mkopo huu kati ya tarehe 1 na 15 Januari, kwa kutoa taarifa ya maandishi siku saba kabla." Ukiisoma vizuri utaona mitego miwili. Taarifa ikichelewa kwa siku moja, haki imekufa hadi mwisho wa msimu. Na mkopo ukiwa wa nchi mbili tofauti, dirisha la klabu mama linaweza kuwa limefungwa siku ambayo mchezaji anaruhusiwa kurudi, au bado halijafunguliwa, ikawa amerudi mazoezini tu. Kocha mwenye haki ya kumrejesha mtu asiyeweza kumsajili hana kitu mkononi.

Baadhi ya klabu haziutegemei mlango huo peke yake. Huweka ada ya mkopo inayopanda na kushuka kulingana na mechi anazochezeshwa kijana: akianza mechi nyingi, klabu iliyompokea hulipa kidogo au hailipi chochote, na akikaa benchi, hulipa zaidi. Mimi naona hii ni njia ya busara kuliko kulalamika Januari, maana inamgusa mkurugenzi wa fedha wa klabu nyingine, naye huwa na sauti kwa kocha kuliko alivyo nayo wakala wa mchezaji.

Sasa tuje kwenye hiari ya kununua. Hii ni haki inayopewa klabu iliyompokea mchezaji, kwamba hadi tarehe fulani inaweza kumnunua moja kwa moja kwa bei iliyokubaliwa siku ya mkopo. Haifungwi kununua. Ni kama mtu anayepangisha nyumba Mtwapa akiwa na maandishi kwamba mwakani anaweza kuinunua kwa bei ya leo: barabara ikijengwa na bei ikapanda, atainunua mbio, na mvua ikibomoa ukuta atamkabidhi mwenyewe ufunguo. Faida yote ya kutojua kesho iko upande mmoja. Na kwa mchezaji wa miaka 18 au 19, kutojua huko ni kukubwa mno. Mchezaji wa miaka 28 ameshaonyesha alicho nacho, na thamani yake mwakani itafanana na ya leo. Kijana anaweza kuzidisha thamani yake mara tatu katika miezi tisa, au akavunjika mguu, au asifae tu. Hii ndiyo sababu hiari ya kununua kijana ni kitu cha thamani kubwa kwa anayeipata, na ndiyo sababu anayeitoa anapaswa kulipwa kwa kuitoa.

Tuchukue mfano wa kubuni wa hapa kwetu, tuone hesabu zinavyokwenda. Klabu ya Mombasa ina winga wa miaka 19 mwenye mkataba uliobakiza miaka miwili. Kocha hana nafasi kwake, na klabu ya Dar es Salaam inamtaka kwa mkopo wa msimu mmoja, itamlipa mshahara wote, na inaomba hiari ya kumnunua kwa shilingi milioni 4 za Kenya ifikapo tarehe 31 Mei. Viongozi wa Mombasa wanafurahi, kwa sababu leo hakuna anayewapa hata milioni 2. Kijana anakwenda, anafunga mabao 12, na Mei klabu nyingine ziko tayari kumlipia milioni 10. Klabu ya Dar inalipa milioni 4 zake, na inaweza kumuuza baadaye ikatia mfukoni milioni 6. Mombasa haina la kusema. Angekuwa amefeli, Dar ingemrudisha, na Mombasa ingepokea mchezaji aliyeshuka bei akiwa amebakiza mwaka mmoja wa mkataba. Yaani akifaulu wanampoteza kwa bei rahisi, na akifeli wanabaki naye.

Je, Mombasa ingefanyaje? Wengi hujibu kwamba ingeweka kipengele cha kumrejesha Januari. Lakini tazama kitakachotokea. Kijana ameanza vizuri, amefunga mabao saba kufikia Desemba, na Mombasa inaona bei yake imeshapita milioni 4. Ikimwita nyumbani Januari, mkopo umekwisha na hiari ya kununua imekufa pamoja nao. Kipengele kimoja kimekila kingine. Klabu ya Dar inalijua hilo tangu mwanzo, kwa hiyo haitakubali kulipa mshahara, kumfundisha kijana na kumpa mechi ili mwenziwe aje kuvuna katikati ya msimu. Ndiyo maana katika mikopo mingi yenye hiari ya kununua hutakuta haki ya kumrejesha, na yenye haki ya kumrejesha haina hiari ya kununua. Ukisikia mkopo una vyote viwili, uliza sharti lililoviunganisha. Kwa kawaida klabu mama huruhusiwa kumrejesha pale tu ambapo kijana hachezeshwi, tuseme akiwa ameanza mechi chini ya nane kufikia tarehe 31 Desemba. Kwa namna hiyo kipengele kinamlinda mchezaji asioze benchini, lakini hakiwi mtego wa kuwanyang'anya wenzao mchezaji aliyestawi mikononi mwao.

Kinga nyingine za klabu mama hufanya kazi vizuri zaidi. Ya kwanza ni kudai asilimia ya mauzo yajayo. Mombasa ikiandika asilimia 20 ya faida, katika mfano wetu ingepata milioni 1.2 zaidi siku Dar itakapomuuza kwa milioni 10. Ya pili ni haki ya kumnunua tena kwa bei iliyopangwa. Real Madrid ilimuuza Álvaro Morata kwa Juventus mwaka 2014 kwa euro milioni 20, ikiwa na haki ya kumrudisha, na mwaka 2016 ikamrudisha kwa euro milioni 30. Hayo yalikuwa mauzo wala si mkopo, lakini haki hiyohiyo huweza kuambatanishwa na hiari ya kununua ndani ya mkopo, kila upande ukashika bei yake. Ya tatu ni ya kawaida kabisa na ndiyo inayosahauliwa: kurefusha mkataba wa kijana kabla hajaondoka. Kanuni za FIFA humruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine pale mkataba wake unapobakiza miezi sita. Kijana anayekwenda kwa mkopo akiwa na mwaka mmoja tu wa mkataba anaweza kuiambia klabu iliyompokea isubiri tu, na hiari ya kununua ikawa karatasi isiyohitajika, kwa sababu atakuja bure. Ndiyo maana klabu kubwa za Ulaya mara nyingi hutangaza mkataba mpya na mkopo siku ileile moja. Mashabiki huona ni ajabu, kumpa mtu mkataba mrefu kisha kumfukuza, ilhali mkataba huo ndio kufuli la mlango.

Na kuna klabu ambazo hukataa kabisa kutoa hiari. Real Madrid ilimpeleka Achraf Hakimi Borussia Dortmund mwaka 2018, akiwa na miaka 19, kwa mkopo wa miaka miwili bila hiari ya kununua. Dortmund ilipata beki wa pembeni wa kiwango cha juu kwa misimu miwili, Real ikapata mchezaji aliyepevuka, na mwaka 2020 ikamuuza Inter kwa takriban euro milioni 40. Dortmund haikupata chochote katika mauzo hayo. Ilikubali mapatano hayo kwa macho makavu, kwa sababu ilihitaji beki wakati huo. Si kila mkopo usio na hiari ni dhuluma.

Tofauti na hiari ni wajibu wa kununua, ambapo klabu iliyompokea mchezaji hulazimika kumnunua, nao mara nyingi hutangazwa kwa maneno yaleyale hadi msomaji akachanganyikiwa. Newcastle ilimchukua Lewis Hall kutoka Chelsea mwaka 2023, akiwa na miaka 18, kwa mkopo uliogeuka kuwa ununuzi wa pauni milioni 28, pamoja na nyongeza zinazoweza kufika milioni 7, baada ya masharti fulani ya kiutendaji kutimia. Swali ni kwa nini wasimnunue siku ileile. Jibu limo katika vitabu vya hesabu. Mkopo huisogeza gharama ya ununuzi hadi mwaka wa fedha unaofuata, jambo lenye uzito kwa klabu iliyokaribia kikomo cha hasara inachoruhusiwa. Ila kanuni za fedha za UEFA zinasema kwamba wajibu wa kununua usio na masharti yoyote lazima uhesabiwe kama ununuzi tangu siku ya kwanza ya mkopo, na ndivyo inavyokuwa pia kama sharti lililowekwa ni la hakika kutimia. Kwa hiyo wanasheria huhangaika kutafuta sharti ambalo linakaribia kutimia lakini si la hakika mno. Hapa kijana amekuwa chombo cha kupanga mizania, na sidhani ni vibaya kulisema hivyo.

Kanuni zimejaribu kuuwekea mchezo huu uzio. Tangu msimu wa 2024/25, klabu haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji sita iliowapeleka kwa mkopo wa kimataifa, wala zaidi ya sita iliowapokea kwa njia hiyo, na kati ya klabu mbili zilezile mwisho ni watatu kwa kila upande. Lakini wachezaji wenye umri wa miaka 21 au chini, waliolelewa na klabu yenyewe, hawahesabiwi. Umri peke yake hautoshi: kijana aliyenunuliwa kutoka nje akiwa na miaka 19 anaingia kwenye hesabu. Uzio huo basi umewakata zaidi wale walionunuliwa kwa wingi na kusambazwa duniani kama bidhaa, na umewaachia njia watoto wa nyumbani.

Kwa kijana wa Mombasa anayeletewa karatasi za mkopo wa nje, la kwanza ni umri, maana uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. La pili ni kwamba hiari ya kununua iliyoandikwa kati ya klabu mbili haimfungi yeye mpaka akubaliane na klabu mpya juu ya mshahara na muda wa mkataba wake. Mawakala wazembe huliacha hilo hadi Mei, klabu inapotaka kuitumia hiari yake, kisha kijana anaambiwa kwamba bei yake imeshalipwa na hana budi kuukubali mshahara aliowekewa mezani. Wakati wa kuyaandika masharti yake binafsi ni siku ileile ya kutia saini mkopo, yakiwa kwenye kurasa zilezile, kwa sababu siku hiyo klabu zote mbili bado zinahitaji saini yake.